Uzi: Anayetuma meme ya "sijagusa kitu" saa nane usiku, huyo kasoma kuliko wewe

#1 Kimbweta Namba Saba
Wakuu habari za usiku. Nina hoja moja na swali moja.

Hoja. Msimu wa mitihani ukifika, grupu letu la wasapu linageuka uwanja wa meme. Paka amelala juu ya madesa, mtu anazima moto kwa kikombe cha chai, yule mtoto anayetabasamu huku machozi yanamtoka. Chini yake maneno ni yale yale: sijagusa kitu, naanza mada ya kwanza sasa hivi, kesho ni zimamoto. Mwaka wa pili niliamini. Saa nane usiku nikaona dada mmoja wa darasani katuma picha ya paka wake kalala juu ya daftari, kaandika "huyu kasoma kuliko mimi". Nikajisemea, kama huyu hajasoma basi tuko wengi, nikafunga desa nikalala. Matokeo yakatoka, yeye A, mimi sapu.

Likizo nikairudia ile picha nikaivuta kwa vidole. Chini ya mkia wa paka kulikuwa na kurasa zimepigiwa mistari kwa rangi tatu, kijani, njano na pinki, na pembeni kaandika kwa mkono "mada ya 9, nimerudia mara 2". Somo zima lilikuwa na mada kumi.

Swali. Rafiki yangu anasoma Urusi, juzi katutumia picha ya kijana kachungulia dirishani usiku kwenye theluji, anapunga kijitabu, anapiga kelele. Grupu zima halikucheka. Anayejua atufafanulie.

#2 Mtoto wa Makorora
Mkia wa paka 😂😂 Mkuu ulilala mwenyewe, usimsingizie paka.

#3 Mzee Kibatari
Kweli kabisa umeme wa mtihani ni tatizo. Mwanangu yuko kidato cha sita, jana umekatika saa mbili usiku mpaka saa tano, kasoma kwa tochi ya simu. Wahusika wanatakiwa watoe ratiba ya kukata wakati wa mitihani.

#4 Mtoto wa Makorora
Shikamoo mzee. Wanaongelea meme, siyo umeme.

#5 Mzee Kibatari
Marahaba. Meme ndiyo nini?

#6 Bi Chuchu wa Ng'ambo
Vile vipicha vya kuchekesha vyenye maneno, mzee, vinavyozunguka kwenye simu. Picha inabaki ile ile, kila mtu anabandika maneno yake.

#7 Theluji Mpaka Magotini
Mleta uzi, swali lako la Urusi ni la kwangu. Niko huku mwaka wa nne, udaktari.

Kile kijitabu kinaitwa zachotka, ni daftari la matokeo. Mwalimu akikufaulisha anaandika alama humo na kusaini kwa mkono wake. Vyuo vingi sasa vinahamia kwenye mfumo wa kompyuta, lakini utani wake haujahama. Usiku wa kuamkia mtihani, saa sita kamili, unafungua dirisha, unatoa zachotka nje ikiwa wazi, unaita mara tatu: "Khalyava, pridi!" Halafu unaifunga haraka kabla kilichoingia hakijatoka, na huifungui tena mpaka mbele ya mwalimu.

Khalyava ni kitu cha bure, kitu ambacho hukukitolea jasho. Kwa Kiswahili chetu ni "Dezo, njoo!" Ukiwa hosteli kubwa unasikia madirisha yanajibizana kutoka ghorofa ya pili mpaka ya tisa. Wapo wanaoweka na sarafu ya kopeki tano kwenye kiatu chini ya kisigino, kwa sababu tano ndiyo alama ya juu kabisa huku.

Mwaka wa kwanza niliona ni wazimu. Mwaka wa pili niliita. Theluji ikaingia chumbani, dezo haikuingia.

#8 Mtoto wa Makorora
"Dezo, njoo!" Naibandika kwenye mlango wa choo cha hosteli leo leo.

#9 Msomi wa Mtaani
Theluji, nyie huko mna bahati, saa zenu ziko mbele saa tatu, mkimaliza mtihani sisi ndiyo tunaamka. Mnaweza hata kutuvujishia.

#10 Theluji Mpaka Magotini
Mkuu, Moscow na Dar saa ni moja, kiangazi na baridi, tangu 2014 waliporudisha saa yao nyuma kwa mara ya mwisho. Mimi niko Tomsk, huku ndiyo tuko mbele, saa nne. Na nikuvujishie nini, anatomia ya Kirusi?

Ila kuna meme yetu moja nadhani Waswahili wote wataielewa. Mitihani mingi huku ni ya mdomo. Mezani pamewekwa vikaratasi, tuseme thelathini, vimegeuzwa uso chini, vinaitwa bileti. Orodha ya maswali unapewa mapema, kwa hiyo unajua yote yanayoweza kuja. Unachukua kimoja, unakaa kidogo kujiandaa, kisha unakwenda kujieleza mbele ya mwalimu. Meme inasema: "Nimesoma bileti 29. Nimechukua ya 30." Picha ni mtu yeyote mwenye uso wa msiba.

#11 Msomi wa Mtaani
Hiyo ina dawa. Unaingia wa kwanza. Ukichelewa, wenzako wanakuwa wameshachukua zile unazozijua. Ni hesabu ndogo tu ya bahati.

#12 Mwalimu Daftari
Hesabu ndogo lakini umeikosea, ndugu yangu. Ukiingia wa kwanza au wa mwisho, bahati yako ni ile ile.

Chukua mfano mdogo. Bileti tatu, wewe umesoma mbili. Ukiingia wa kwanza, una mbili kwa tatu. Sasa ingia wa pili. Katika mara tatu, mara mbili aliyekutangulia atachukua moja unayoijua, akuachie moja nzuri na moja mbaya, hapo una nusu kwa nusu. Mara moja katika tatu atachukua ile usiyoijua, akuachie mbili nzuri tupu. Nusu ya mbili kwa tatu ni moja kwa tatu, ongeza ile moja kwa tatu, unarudi kwenye mbili kwa tatu. Anayekutangulia anaweza kukuharibia, lakini anaweza pia kukubebea ule mzigo mbaya akaondoka nao.

#13 Mtoto wa Makorora
Sijaelewa lakini nimeheshimu.

#14 Theluji Mpaka Magotini
Mwalimu uko sawa kwenye karatasi. Kwenye korido mambo mengine. Anayetoka tunamuuliza kachukua namba ngapi, na mwalimu asiyerudisha bileti mezani anatufanya tujue zilizobaki. Ile yangu mbaya ikishatoka, ndiyo naingia.

#15 Mwalimu Daftari
Hapo sawa, maana sasa umepata habari mpya. Lakini ikiwa haitoki mpaka unabaki peke yako koridoni?

#16 Theluji Mpaka Magotini
Hapo ndipo meme inapozaliwa.

#17 Mpanda Mti
Nimesoma China miaka mitano, uhandisi. Wachina wana wa kwao, tena mfupi.

Kwao kufeli somo wanasema gua ke. Gua ni kutundika au kuning'inia, kama nguo kwenye kamba. Somo linalowatesa wengi ni hesabu za juu, linaitwa Gaoshu. Sasa shu ya hesabu na shu ya mti zinatamkwa sawasawa, na gao ni -refu au -a juu. Basi wanasema: hapo zamani palikuwa na mti ukiitwa Gaoshu, na watu wengi wamening'inia juu yake. Basi, hadithi imeisha. Kuna michoro yake, mti una matawi na vijana wananing'inia na mabegi yao.

Mimi niliangua kicheko miezi saba baada ya kuambiwa, siku Kichina kilipokaa kichwani. Na muhula ule nami nilikuwa tawi la tatu.

Nyingine ninayoipenda: "Wenzangu wanarudia masomo, mimi nayatazama mapema." Yaani usiku wa mwisho wengine wanapitia walichosoma, mimi ndiyo naonana na kitabu kwa mara ya kwanza. Kichina maneno hayo mawili yanapishana silabi moja tu, fuxi na yuxi, utamu wake uko hapo.

#18 Bi Chuchu wa Ng'ambo
Ujerumani tuna "nne inashinda". Alama zao ziko kichwa chini, moja ndiyo bora, nne ndiyo mwisho wa kufaulu, tano umeanguka. Na kuna mchezo wa watoto wa kupanga vidude vinne mstari mmoja, unaitwa kwa maneno hayo hayo. Kwa hiyo mtu akipata nne kamili anatuma picha ya ule mchezo, wenzake wanajua kapenya kwenye tundu la sindano.

Ila utani huo una meno. Masomo mengi unapewa mara tatu kuufanya mtihani. Ya tatu ukianguka, kozi hiyo umefungiwa, na huwezi kuhamia chuo kingine cha huku ukaanza ile ile. Mjerumani akifungiwa anarudi kwa mama yake kujipanga upya. Mimi kibali changu cha kuishi kimeandikwa kwa ajili ya masomo. Kwa hiyo meme ya "jaribio la tatu" kwenye grupu la darasa wanacheka wote, mimi naipitisha kidole haraka haraka.

#19 Kamaradi wa Kisumu
Sasa nyinyi watu wa Bongo mmesahau jirani. Kenya tuna mwakenya, kale kakaratasi kadogo unaandika notsi zote na unaficha kwa soksi. Jina ni la lile kundi la siri la miaka ya 1980 lililopinga serikali ya Moi, lilikuwa linasambaza vijikaratasi usiku. Ukipatikana na kijikaratasi enzi hizo ulikuwa taabani, na wa mtihani naye akishikwa ni vivyo hivyo. Meme zetu nyingi ni za mwakenya: mtu ametengeneza safi, mwandiko wa chungu, halafu kwa kuandika amejikuta amesoma na haihitaji tena.

#20 Kimbweta Namba Saba
Kamaradi hiyo ya mwisho ni kweli tupu. Karibu.

Ila wakuu mmenipeleka Urusi na China, hoja yangu ya kwanza haijajibiwa. Kwa nini mtu aliyesoma anatangaza hajasoma?

#21 Mtoto wa Makorora
Uchawi. Anataka ulale.

#22 Bi Chuchu wa Ng'ambo
Siyo uchawi. Ni bima. Ukisema hujasoma, ukifeli unasema niliwaambia. Ukifaulu, wewe ni kichwa. Anayesema "nimesoma sana" akipata C aibu anaipeleka wapi?

#23 Mwalimu Daftari
Bima hiyo wanasaikolojia wameichunguza sana, tangu Berglas na Jones mwaka 1978. Lakini hao waliangalia mtu anayejiwekea kikwazo cha kweli ili apate cha kusingizia. Dada wa paka hakujiwekea kikwazo, kasoma mpaka mada ya tisa. Kwa hiyo yeye simhesabu humo. Mimi nadhani alikuwa na hofu ya kweli. Aliyesoma mada tisa katika kumi usiku anaiona ile moja tu.

#24 Kimbweta Namba Saba
Mwalimu unamtetea kwa sababu alikuwa na kalamu za rangi.

#25 Msomi wa Mtaani
Mimi naona mnazunguka. Zimamoto inafanya kazi, ndiyo maana watu wanaitania bila woga. Nimemaliza digrii kwa kumeza desa saa sita usiku na kulitapika saa tatu asubuhi.

#26 Mwalimu Daftari
Uko nusu sahihi, na nusu hiyo ndiyo inayokudanganya. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa chuo kimoja cha Saint Louis Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likasoma kisha likarudia kusoma. Lingine likasoma kisha likafunika na kuandika linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, wakaongoza waliofunika.

Kwa hiyo anayesoma mara nne usiku kucha anahisi anajua, na kwa dakika zile anajua kweli. Msomi, nikuulize leo ulichomeza muhula wa mwisho?

#27 Msomi wa Mtaani
Muhula wa mwisho nilisoma masomo matano. Manne nayakumbuka majina.

#28 Kamaradi wa Kisumu
😂😂😂 huyu amejimaliza mwenyewe

#29 Mtoto wa Makorora
Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Kwa nini kusoma tunaita "kupiga msuli"? Mimi najua ni msuli wa mwili, unakaza kama unanyanyua chuma.

#30 Kimbweta Namba Saba
Hapana, ni msuli wa kuvaa. Wakaka wa hosteli usiku joto, wanavua suruali, wanajifunga msuli, wanakaa kwenye vimbweta mpaka alfajiri. Ukimwona mtu na msuli ujue ana kesha.

#31 Mpanda Mti
Na dada zetu je, wao walikuwa wanapiga kanga? Ni msuli wa mwili.

#32 Bi Chuchu wa Ng'ambo
Nilipiga msuli kwa kanga miaka mitatu na hakuna aliyenihoji. Endeleeni.

#33 Pwani ya Mbali
Nimekuwa nikisoma tu bila kuchangia, naomba niseme moja.

Mdogo wangu alikuwa China. Sisi grupu la familia lilikuwa limejaa vichekesho vyake. Kila kipindi cha mitihani katuma, mara huo mti wa Gaoshu, mara mtu anakunywa kahawa kwa ndoo, na mama kila mara anajibu "Mungu akusimamie baba". Tukajua kijana yuko kwenye mapambano.

Siku moja niliamka mapema kwa ajili ya daku, saa kumi na moja kasoro. Meme ikaingia. Huko wako mbele saa tano, kwa hiyo kwake ni saa nne kasoro asubuhi. Na jana yake alituambia ana mtihani saa tatu mpaka saa tano. Nikaanza kujiuliza, simu kaipitishaje ndani ya chumba cha mtihani? Nikarudi nyuma kwenye grupu nikatazama saa za meme zote za muhula ule na wa nyuma yake. Karibu zote zilikuwa zinaingia saa ambazo alisema yuko ndani. Na picha zilikuwa zinajirudia.

Nilimpigia siyo kwenye grupu, peke yake. Alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa ameshaondolewa chuoni, miezi kumi imepita. Alianza kuanguka hesabu, zikafuatana, na hakujua atamwambiaje mama aliyeuza kiwanja ili apate nauli na pesa ya kuanzia. Meme ilikuwa ndiyo njia rahisi ya kuonekana bado mwanafunzi. Kuandika uongo alikuwa anaona taabu, lakini picha haiongopi kwa mdomo.

Alirudi. Sasa anafanya kazi ya umeme wa majumbani Tanga na yuko vizuri. Lakini mimi meme za mtihani sizichekei tena kama zamani, naangalia saa kwanza.

#34 Kimbweta Namba Saba
Pole sana dada. Umenigusa. Nilikuja na paka hapa.

#35 Mpanda Mti
Pole. Nawajua wawili wa namna hiyo wakati wangu. Mmoja alikuwa ndiye mchekeshaji wa grupu letu la Waswahili mji mzima.

#36 Mwalimu Daftari
Dada, mimi ningesema picha zilikuwa zinaomba aulizwe.

#37 Pwani ya Mbali
Nimewahi kumuuliza hivyo hivyo, mwalimu. Akasema hapana, alikuwa anaomba asiulizwe.

#38 Theluji Mpaka Magotini
Huku kwetu wa hivyo anajulikana mapema, kwa sababu korido ni moja na kila mtu anasubiri zamu yake ya bileti. Usipoonekana koridoni unatafutwa chumbani. Mtihani wa kuandika ukumbi wa watu mia tatu nani atakuhesabu?

#39 Msomi wa Mtaani
Korido siyo dawa, nimeona mtu anakuja koridoni kila mtihani na haingii.

#40 Theluji Mpaka Magotini
Hilo nalo lipo.

#41 Kamaradi wa Kisumu
Pole dada. Na kumbe fundi umeme, Mzee Kibatari wa #3 amepata mtu wake.

#42 Pwani ya Mbali
😂 Namba nitampa mzee kwa siri.

#43 Mtoto wa Makorora
Mzee Kibatari, huko umeme wa leo umerudi?

#44 Mzee Kibatari
Umerudi saa tatu. Nimesoma yote mliyoandika, na hizo meme sasa nimezielewa. Nimemweleza mwanangu ile ya mti wa Wachina, nikamchorea kabisa nyuma ya bahasha, na watu wakining'inia. Amenitazama tu, akaniambia baba, kesho nina Hesabu Pepa ya Pili.